Bibi, 3/12 kwenye kadi yako si tarehe tatu Disemba

Shikamoo Bibi,

Picha ya kadi yako ya hospitali imefika. Aliyekupigia picha hiyo ndiye atakayekusomea barua hii, na nimemwomba asome polepole huku kadi yenyewe iko mkononi mwako, ili kila ninapotaja mahali akuoneshe kwa kidole. Nimeiweka pia hapa kwenye blogu kwa sababu kadi za namna hii zimo katika mikoba na makabati ya nyumba nyingi, kuanzia Shela mpaka Matondoni, kisiwani Lamu. Namba ya kadi nimeibadilisha na jina nimeliondoa.

Haya ndiyo yaliyoandikwa, kama yanavyosomeka kwenye picha:

```
OPD NO. 0417/24      CLINIC: MOPC (THUR)
K/C T2DM + HTN
14/8/25  Metformin 500mg BD PC
         Amlodipine 5mg OD      x 1/12
         FBS, HbA1c, UEC  1/52 before TCA
         TCA 3/12
COME FASTING FOR LAB. 8:00 AM. BRING THIS CARD.
```

Ya juu nitayapita haraka. OPD NO. ni namba yako ya mgonjwa wa kutwa, yaani asiyelazwa. Hiyo 24 ya mwisho ni mwaka ulipofunguliwa faili, 2024. Kadi ikipotea, namba hiyo ndiyo itakayofanya faili lako lipatikane upesi, kwa hiyo iandikeni pia nyuma ya kalenda ya ukutani. MOPC ni kliniki ya magonjwa ya ndani ya watu wazima, na THUR ni Alhamisi. Kliniki yako haifanyiki siku nyingine, na hilo litatufaa hapo mbele. K/C maana yake mgonjwa anajulikana kuwa na maradhi yanayofuatia: T2DM ni kisukari aina ya pili, HTN ni presha. Hakuna jipya hapo, ni yale yale uliyoambiwa.

Sasa tuje kwenye mstari ulionifanya nikae kitako kuandika. Umesema kwenye ujumbe wa sauti kwamba utarudi tarehe 3 mwezi wa 12, kwa sababu kadi imeandikwa 3/12. Bibi, hiyo si tarehe. TCA ni "arudi tena", na 3/12 ni muda: miezi mitatu.

Hivi ndivyo madaktari wanavyoandika muda. Namba ya chini inataja aina ya kipimo, na ya juu inataja idadi. Chini kukiwa na 7, wanahesabu siku, kwa kuwa wiki ina siku 7. Kukiwa na 52, wanahesabu wiki, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Kukiwa na 12, wanahesabu miezi, kwa kuwa mwaka una miezi 12. Basi 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, na 3/12 ni miezi mitatu. Ya wiki haimpotezi mtu, maana hakuna mwezi wa 52. Zinazopoteza watu ni za 7 na za 12, kwa sababu Julai ni mwezi wa 7 na Disemba ni wa 12, na jicho lililozoea tarehe husoma tarehe. Njia ya kutofautisha ni kutazama kama mwaka umeandikwa. Pale ilipoandikwa 14/8/25 kuna vipande vitatu: siku, mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe, siku uliyoonwa. Vikiwa vipande viwili tu, na vimefuata neno TCA au alama ya x baada ya jina la dawa, huo ni muda.

Tuhesabu basi. Ulionwa Alhamisi, 14 Agosti 2025. Miezi mitatu kamili inaangukia 14 Novemba, ambayo ni Ijumaa. Kliniki yako ni ya Alhamisi, kwa hiyo siku yako ni Alhamisi, 13 Novemba. Kwa nini isiwe Alhamisi ya mbele, tarehe 20? Kwa sababu ya dawa, nitakueleza sasa hivi. Ungengoja tarehe 3 Disemba ungefika siku ya Jumatano, ukaambiwa MOPC ni kesho, na ungekuwa tayari umechelewa wiki tatu kasoro siku moja.

Miezi mitatu nayo haikuwekwa kwa kubahatisha. Hicho kipimo cha HbA1c kinatazama sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi takriban siku 120 kisha mwili hutengeneza nyingine, ndiyo maana kipimo hicho husimulia sukari ilivyokuwa kwa miezi miwili mitatu iliyopita, si ya jana wala ya leo asubuhi. Daktari akibadilisha dawa leo na kukipima baada ya wiki tatu, atakuwa bado anasoma habari za zamani. Akikipima baada ya miezi mitatu, anasoma kazi ya dawa aliyokupa.

Tazama tena kadi. Baada ya majina ya dawa mbili pameandikwa x 1/12. Huo ni mwezi mmoja. Kuna safari mbili tofauti hapa, Bibi, na kuzichanganya ni rahisi mno: daktari utamwona baada ya miezi mitatu, lakini dawa umepewa za mwezi mmoja. Katikati unakwenda dirisha la dawa peke yake, na kadi hii, kujaziwa.

Dawa zenyewe ni hivi. BD ni mara mbili kwa siku, OD ni mara moja kwa siku, na PC ni baada ya kula. Metformini ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, kila mara ukiwa umeshakula, kwa sababu tumboni mtupu huleta kichefuchefu na kuharisha. Amlodipini ya presha ni kimoja kwa siku, saa ile ile kila siku. Kwenye bahasha ya dawa utakuta wameandika kwa namna nyingine, 1 x 2. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku, kwa hiyo ni kidonge kimoja mara mbili. Wako wanaosoma "vidonge viwili" wakavimeza vyote kwa pamoja asubuhi, na mchana wakawa wanasokotwa na tumbo bila kujua sababu. Ukisahau dozi, meza inayofuata kwa saa yake. Usifidie kwa kumeza mbili.

Tuhesabu vidonge, maana hapa pana mtego mdogo. Kwa siku 30 umepewa metformini 60 na amlodipini 30. Umeanza asubuhi ya 15 Agosti, kwa hiyo zinakwisha 13 Septemba, ambayo ni Jumamosi. Usiende Jumamosi. Nenda Alhamisi, 11 Septemba. Usiku wa siku hiyo, ukishameza za siku hiyo zote, kwenye pakiti za zamani zitakuwa zimebaki metformini nne na amlodipini mbili. Zikibaki zaidi, kuna dozi zilirukwa. Zikipungua, kuna siku ulizidisha. Vyovyote vile usizitupe wala usione haya, mwambie daktari idadi uliyoikuta, kwa sababu presha au sukari ikiwa juu atataka kujua kama dawa haitoshi au haikumezwa. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na tiba yake haifanani.

Pakiti ya pili itakufikisha 13 Oktoba, Jumatatu, kwa hiyo nenda dirishani Alhamisi, 9 Oktoba. Pakiti ya tatu itakwisha 12 Novemba. Umeona? Kliniki ni tarehe 13. Pakiti tatu za siku 30 ni siku 90, na kutoka Alhamisi ya 14 Agosti hadi Alhamisi ya 13 Novemba ni wiki 13, siku 91. Asubuhi ya kliniki ungeamka huna hata kidonge cha presha, upimwe, ionekane imepanda, na daktari aongeze dawa kumbe tatizo ni hesabu. Kwa hiyo ile siku ya kutolewa damu, ambayo nakuja kuieleza, pitia dirisha la dawa ukiwa hapo hapo hospitali, uwaambie pakiti inakwisha siku moja kabla ya kliniki. Hii pia ndiyo sababu ya kutochagua tarehe 20: ungekaa wiki nzima bila dawa.

Jambo moja limenisumbua kwenye kadi. Pale kwenye TCA wameandika muda, lakini tarehe yenyewe hawakuijaza. Pengine palikuwa na foleni. Ukienda kuchukua dawa 11 Septemba, pita kwenye meza ya kumbukumbu, pale wanapotunza mafaili, uwaombe waandike 13/11/25 kwenye kadi na kwenye daftari lao la miadi. Kama kwenye daftari lao kuna siku tofauti, fuata yao na unijulishe, maana hesabu zote za juu zitasogea. Tarehe ikishaandikwa kwa kalamu hakuna tena wa kubishana kuhusu tatu ya kumi na mbili.

Sasa kutolewa damu. 1/52 before TCA ni "wiki moja kabla ya kurudi", kwa hiyo ni Alhamisi, 6 Novemba. Majibu yakipatikana mapema, daktari anayakuta mezani tarehe 13. Ukitolewa damu siku ile ile ya kliniki, huenda ukamwona daktari majibu hayajatoka, na safari nzima ikawa ya kuambiwa urudi.

Chini kumechapwa 8:00 AM. Usiisome saa nane. Saa za kadi zinahesabiwa tangu usiku wa manane, na sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, kwa hiyo zinapishana kwa saa sita. 8:00 AM ni saa mbili asubuhi. AM ni tangu usiku wa manane hadi adhuhuri, PM ni tangu adhuhuri kuendelea. Ukifika saa nane mchana utakuta wameshafunga kuchukua sampuli, nawe umeshinda na njaa bure. Siku hiyo mwezi utakuwa ndiyo kwanza umepevuka, ni bamvua, na maji alfajiri yatakuwa yanatoka. Wewe wayajua maji ya Shela kuliko mimi. Panga na nahodha usiku, usingoje asubuhi kutafuta mashua.

COME FASTING ni "uje hujala". Hapa ndipo wazee wetu hukosea kwa sababu ya uchaji wao. Hii si saumu, Bibi. Saumu inakataza maji; kufunga huku kunataka maji. Kunywa maji matupu usiku ukiamka, na kunywa bilauri moja au mbili kabla ya kutoka. Mtu aliyekaukiwa maji, mshipa wake hujificha, na mtoa damu humchoma mara mbili tatu akiutafuta. Kinachokatazwa ni kila kitu kingine: chai hata ya mkandaa, kahawa tungu hata kama haina sukari, maziwa, tende, tambuu, hata peremende ya kikohozi. Mswaki ni ruhusa.

Maliza chakula cha usiku wa kuamkia Alhamisi kabla ya saa nne. Kutoka saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa kumi, na kinachohitajika ni saa nane kwa uchache, kwa hiyo hata ukila kwa kuchelewa kidogo bado umo. Lakini usijikaze kwa kufunga tangu alasiri ukidhani majibu yatakuwa mazuri zaidi. Kufunga kupita kiasi kunakudhoofisha na hakumsaidii daktari.

Kipimo kinachohitaji huko kufunga ni FBS, sukari ya asubuhi kabla ya kula. Mtu akinywa kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari saa kumi na mbili kisha akasema hajala, mashine itasoma sukari ya ile chai, na huenda akaongezewa dawa asizozihitaji. Kama ilitokea ukaonja kitu, sema tu. Watakupima kwa jina la RBS, sukari ya wakati wowote, au watakupangia siku nyingine. HbA1c haihitaji kufunga, nimeshaeleza inasoma nini. Inachoweza kupotoshwa nacho ni upungufu wa damu, kuongezewa damu karibuni, au seli mundu, na hayo uwaambie kama yapo. UEC ni kipimo cha figo na chumvi za damu. Kimo kwenye orodha kwa sababu kisukari na presha huziumiza figo kimya kimya, na metformini hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo zikidhoofika daktari hupunguza kipimo cha dawa au huisimamisha.

Dawa za asubuhi hiyo: amlodipini meza kama kawaida kwa maji. Metformini iache, ifunge kwenye karatasi uende nayo, na uimeze baada ya kutolewa damu na kula. Beba chakula chako, mkate na yai la kuchemsha vinatosha, usitegemee mahamri ya mlangoni. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka ikawa hatari, lakini ukiwa kwenye foleni ukaanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kusikia njaa ya ghafla au mawazo kupotea, usione aibu ya kuvunja kufunga. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, unywe hapo hapo, kisha mwite muuguzi. Kipimo kitarudiwa siku nyingine.

Majibu yakitoka utaona namba. Sukari ya asubuhi, wengi wenye kisukari huwekewa lengo la kati ya 4 na 7. HbA1c huwa ni chini ya asilimia 7, ingawa kwa mtu wa umri wako daktari anaweza kuridhika na ikaribiayo 8, akiogopa kukushusha sana mpaka ukaanguka. Kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya jirani. Muulize yeye, "Lengo langu mimi ni ngapi?", naye aliandike kwenye kadi.

Na ukiwa naye tarehe 13 Novemba, mwambie kitu kimoja zaidi. Akikuandikia tena TCA 3/12, utarudi Alhamisi, 12 Februari 2026, na Ramadhani inatarajiwa kuandama mnamo tarehe 18, siku chache baadaye. Ni muda mfupi sana wa kubadilisha saa za dawa. Muulize mapema kama figo na sukari yako vinakuruhusu kufunga, na kama ndiyo, metformini utaigawa vipi kati ya futari na daku. Usiamue peke yako, na asikuamulie mtu wa barazani.

Limebaki suala la picha. Ile 1/52 nilidhani kwanza ni 7/52, wiki saba, ambayo ingeharibu hesabu yote. Nikaikuza, nikailinganisha na 1 iliyo kwenye 14/8 na ile ya 1/12, zote za mkono ule ule: hazina kofia juu, nayo haina. Ni moja. Lakini kona ya chini ya kulia imekatwa, na nuru ya taa imegonga plastiki ikafuta nusu ya sahihi. Na upande wa nyuma sikutumiwa kabisa. Huko nyuma ndiko kwa kawaida wanakoandika uzito, presha na sukari za kila ulipoonwa, na dawa zinazokudhuru kama zipo, kwa hiyo nauhitaji.

Mwambie mpigaji aitoe kadi kwenye plastiki, ailaze juu ya mkeka karibu na mlango mchana, azime taa ya simu, na aishike simu juu yake sawasawa bila kuiinamisha, mpaka kona zote nne zionekane. Apige mbele na nyuma. Akituma kwa Watsapu atume kama faili, si kama picha, maana picha hupunguzwa ubora na namba ndogo hufifia. Anitumie mimi peke yangu, si kwenye kundi la ukoo: jina lako, namba yako na maradhi yako yote yamo humo. Nikishaupata upande wa nyuma nitakuandikia presha zako zilivyokwenda tangu 2024.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Mjukuu wako